Zungusha, Pindua, Rudisha

Tafuta boksi la sabuni lililokwisha kazi, ukate humo kipande chenye pande sita zilizo sawa na pembe sita zilizo sawa. Boksi linafaa kwa sababu upande wake wa nje una chapa na wa ndani ni mtupu, hivyo utajua daima uso upi uko juu. Weka kipande juu ya karatasi, chora mpaka wake kwa penseli, kisha uandike kwenye karatasi namba 1 hadi 6, moja penye kila pembe, ukifuata mwelekeo wa mishale ya saa. Kwenye kadibodi yenyewe andika herufi: A inayokaa penye 1, B penye 2, hadi F penye 6. Kila herufi iandike pia nyuma ya pembe yake, isije ikapotea kadibodi ikipinduliwa.

Sasa inua kadibodi na uirudishe mahali pake, ijaze ule mchoro wa penseli bila kuzidi wala kupungua. Kuna njia ngapi za kuirudisha? Herufi A inaweza kutua penye namba yoyote kati ya sita, na kwa kila namba kadibodi inaweza kuwa na chapa juu au chapa chini. Ukishaamua mambo hayo mawili, hakuna la kuchagua tena. Pembe nyingine zote zinafuata. Kwa hiyo njia ni 12, na matendo hayo 12 kwa pamoja ndiyo wanahisabati wanayoyaita kundi la dihedrali la oda 12. Ni kundi kwa sababu ukifanya tendo moja kisha jingine, matokeo ni mojawapo ya yale yale 12. Kwa sababu kila tendo lina tendo la kulitengua. Na kwa sababu kuiacha kadibodi ilivyo nako kunahesabiwa kuwa tendo. Hilo la mwisho tuliite kutulia.

Huhitaji kuyakariri yote 12. Mawili yanatosha kuyazaa mengine. La kwanza ni kuzungusha kadibodi nyuzi 60 kufuata mishale ya saa, yaani kila herufi inasogea namba moja mbele, tuliandike z. Ukilirudia mara sita unarudi ulipoanzia. La pili ni kupindua kadibodi juu chini kwa mhimili unaopita penye 1 na 4, tuliandike p. Hapo kilichokuwa penye 1 kinabaki penye 1, kilichokuwa penye 4 kinabaki penye 4, cha 2 na cha 6 vinabadilishana nafasi, na cha 3 na cha 5 vilevile. Ukilirudia mara mbili unarudi ulipoanzia.

Itazame herufi A peke yake. Zungusha kwanza, kisha pindua: A inatoka 1 kwenda 2, halafu kupindua kunaipeleka 6. Irudishe kadibodi mwanzo, sasa pindua kwanza kisha zungusha: A inabaki 1, halafu inasogea kwenda 2. Mara ya kwanza imeishia 6, mara ya pili 2. Matendo ni yale yale mawili, ila mpangilio umebadilika, na jibu nalo limebadilika. Kundi ambalo ndani yake mpangilio haubadilishi chochote huitwa kundi la Abeli, kwa heshima ya Niels Henrik Abel, Mnorwei aliyezaliwa mwaka 1802 na kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1829. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba milinganyo ambayo mizizi yake inatii sharti hilo la kutojali mpangilio inaweza kutatuliwa kwa kutumia alama za mzizi. Kundi la kadibodi yetu si la Abeli, hilo tumeshaliona. Swali lenye uzito zaidi ni hili: limekosa kuwa la Abeli kwa kiasi gani?

Kiasi hicho kinapimika. Fanya z, kisha p, kisha tengua z, kisha tengua p. Kama mpangilio usingekuwa na maana, kila tendo lingefutwa na kinyume chake na kadibodi ingerudi ilivyokuwa. Tujaribu. A iko 1. Kuzungusha kunaipeleka 2. Kupindua kunaitoa 2 kwenda 6. Kutengua mzunguko ni kurudi nyuma namba moja, kwa hiyo inafika 5. Kutengua kupindua ni kupindua tena kwa mhimili ule ule, na cha 5 kinakwenda 3. A, iliyoanza penye 1, sasa iko penye 3. Jaribu B utaikuta penye 4. C nayo itakuwa penye 5. Chapa imerudi juu, maana tumepindua mara mbili. Kilichobaki mkononi ni mzunguko wa nyuzi 120, yaani z mara mbili:

z · p · z⁻¹ · p⁻¹ = z²

(Hapa tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, la kwanza kutendwa likiwa la kwanza kuandikwa. Vitabu vingi husoma kinyume chake, na jibu linabaki z²; ila anayeanza na vinyume, z⁻¹ · p⁻¹ · z · p, hupata z⁴ mahali pa z². Safari hii hakuna hasara, kama tutakavyoona, lakini ni vizuri kujua chanzo cha tofauti hiyo.)

Masalio ya namna hii, yanayobaki baada ya kufanya mawili na kuyatengua kwa mpangilio ule ule, huitwa komuteta. Kila jozi ya matendo ina komuteta yake. Ukiyakusanya yote, pamoja na yanayozaliwa kwa kuyafuatanisha, unapata kundi dogo ndani ya kundi kubwa: kundi dogo la komuteta. Hicho ndicho kipimo tunachokitafuta. Likiwa na kutulia peke yake, kundi ni la Abeli. Likiwa kubwa, mpangilio una nguvu kubwa.

Kundi letu lina jozi nyingi za matendo. Unaweza kuzijaribu zote kwa mkono, na jioni moja ingetosha, lakini iko njia inayoonyesha pia kwa nini jibu linatoka kama linavyotoka. Chukua kalamu mbili. Zipake pembe A, C na E nyekundu, na pembe B, D na F nyeusi, mbele na nyuma. Rangi zinapokezana ukizunguka kadibodi, nyekundu zikikaa penye namba witiri na nyeusi penye namba shufwa.

Sasa kila tendo liulize maswali mawili tu. Swali la uso: je, limegeuza chapa? Swali la rangi: je, limehamisha nyekundu kutoka namba witiri kwenda shufwa? Jibu la hapana liandike 0, la ndiyo liandike 1. Kuzungusha, z, hakugeuzi uso, lakini kunasogeza kila pembe namba moja, kwa hiyo rangi zinabadilishana nafasi: uso 0, rangi 1. Kupindua kwa mhimili wa 1 na 4 kunageuza uso, ila 1 inabaki 1, 3 inakwenda 5, na witiri zinabaki mikononi mwa nyekundu: uso 1, rangi 0.

Uzuri wa maswali haya ni kwamba majibu yake yanajumlishwa bila kujali kilichotangulia. Ukigeuza chapa mara mbili, chapa imerudi. Moja na moja ni sifuri. Rangi nazo ni hivyo hivyo. Na hapo ndipo komuteta inaponaswa. Ndani ya komuteta kila tendo linatokea pamoja na kinyume chake. Kama tendo la kwanza liligeuza uso, kinyume chake kitaugeuza tena. Kama la pili lilihamisha rangi, kinyume chake kitazirudisha. Mwisho wa hatua nne, majibu yote mawili lazima yawe 0. Hakuna komuteta hata moja, ya jozi yoyote utakayoichagua, inayoweza kuacha chapa chini au nyekundu penye shufwa.

Ni matendo yapi kati ya yale 12 yanayojibu 0 na 0? Uso haukugeuka, kwa hiyo ni mizunguko. Rangi hazikuhama, kwa hiyo ni mizunguko ya hatua shufwa. Yako matatu tu: kutulia, z² na z⁴, yaani nyuzi 0, 120 na 240. Komuteta haziwezi kutoka nje ya matatu haya. Na tayari tuna z² mkononi. Ukiifanya mara mbili unapata z⁴, na mara tatu unatulia. Basi kundi dogo la komuteta ni hayo matatu kamili, hakuna la kuongeza wala la kupunguza. Aliyeanza na vinyume akapata z⁴ naye angefika hapa hapa, kwa kuwa z⁴ ikirudiwa inazaa z².

Katika kundi hili kila moja ya matatu hayo ni komuteta yenyewe, na kuyafuatanisha hakukuongeza kitu. Usiliegemee jambo hilo kama kanuni. Yapo makundi ambamo komuteta mbili zikifuatanishwa zinatoa tendo ambalo si komuteta ya jozi yoyote. Lakini inabidi kwenda mbali kuyakuta: dogo kuliko yote lina oda 96. Ndiyo maana vitabu vinasisitiza maneno “pamoja na yanayozaliwa”, na ndiyo maana mwanafunzi anayefanya mifano midogo haoni kwa nini maneno hayo yamewekwa.

Sasa tufanye kazi ya pili, kulilazimisha kundi kuwa la Abeli. Maana yake ni kukubali kufumbia macho tofauti zote zinazoletwa na mpangilio: matendo mawili yanayotofautiana kwa z² au z⁴ tu, tuyahesabu kuwa kitu kimoja. Yale 12 yanajipanga katika mafungu manne ya matatu matatu. Fungu la kwanza ni kutulia, z² na z⁴. La pili ni z, z³ na z⁵, mizunguko inayobadilisha rangi. La tatu ni mapinduko matatu ambayo mhimili wake unapita penye pembe mbili zinazokabiliana. Hayo hugeuza uso na kuacha rangi. La nne ni mapinduko matatu ambayo mhimili wake unapita katikati ya pande mbili zinazokabiliana. Hayo hugeuza uso na rangi pia. Mafungu manne ni majibu manne: 00, 01, 10 na 11. Oda yake ni 12 gawanya kwa 3, yaani 4.

Hapo wengi huteleza, kwa sababu makundi yenye oda 4 ni ya aina mbili. Moja ni la mzunguko wa robo, ambamo tendo moja likirudiwa linapita mote manne kabla ya kurudi. Jingine ni lile linaloitwa kundi la nne la Klein, kutokana na Felix Klein, Mjerumani aliyeliandika katika kitabu chake cha mwaka 1884 kuhusu umbo la nyuso ishirini. Katika hilo kila tendo likifanywa mara mbili linajifuta. Letu ni lipi? Chukua fungu lolote ulifuatanishe na lenyewe: 01 na 01 zinatoa 00, 10 na 10 zinatoa 00, na 11 na 11 vilevile. Kila moja linajifuta, kwa hiyo ni la Klein. Aliyeandika kwamba jibu ni kundi la mzunguko la oda 4 kwa sababu tu oda ni 4, amehesabu vizuri na kujibu vibaya.

Hakuna swali la tatu lililojificha. Swali lolote jingine kuhusu kadibodi, ambalo majibu yake yanajumlishwa bila kujali mpangilio, lazima lijibu 0 kwa z², kwa kuwa z² ni komuteta. Basi haliwezi kutofautisha matendo yaliyomo katika fungu moja. Uso na rangi vimekwisha kusema yote yanayoweza kusemwa.

Ujanja wa rangi unaonyesha pia umbo linapokataa. Kata pembetano. Jaribu kupaka pembe tano nyekundu na nyeusi kwa kupokezana: ya kwanza nyekundu, ya pili nyeusi, hadi ya tano nyekundu, nayo imekaa kando ya ya kwanza, nyekundu pia. Haiwezekani. Swali la rangi halipo, limebaki la uso peke yake. Na kweli, komuteta ya pembetano ni z² kama kawaida, lakini ukiirudia mara tatu umesogea hatua sita katika umbo la hatua tano, yaani umepata z. Mizunguko yote mitano inamezwa na kundi dogo la komuteta, na kinachobaki ni kundi la oda 2. Pembesita, yenye matendo 12, inabakiza manne; pembetano, yenye 10, inabakiza mawili tu.

Kosa ninaloliona baya zaidi, kwa sababu linaanzia katika mfano mzuri, linatokana na mraba. Walimu wengi huanza na mraba, na ni haki yao, una matendo 8 tu. Katika mraba komuteta ni kutulia na mzunguko wa nusu. Itokeavyo, hayo mawili ndiyo pia matendo yanayokubaliana na kila jingine bila kujali mpangilio. Wanahisabati wanayaita kitovu cha kundi. Mwanafunzi anaona vitu viwili vimekaa mahali pamoja, anaamini ni kitu kimoja. Akifika kwenye pembesita anatafuta kinachokubaliana na wote, anapata nusu mzunguko, z³, na kuandika kwamba kundi dogo la komuteta ni kutulia na z³. Amekosea kabisa. Nusu mzunguko unahamisha nyekundu kutoka 1 kwenda 4, witiri kwenda shufwa. Jibu lake la rangi ni 1, kwa hiyo hauwezi kuwa komuteta. Kitovu cha pembesita kina oda 2, kundi dogo la komuteta lina oda 3, na yanashirikiana kutulia tu. Ukifumbia macho kitovu badala ya komuteta, unabaki na kundi la oda 6 ambalo ni sawa na la pembetatu, nalo bado si la Abeli. Hapo utajua umekosea: jibu lililokusudiwa kuwa la Abeli limekataa kuwa la Abeli.

Asiyetaka kadibodi ana njia ya mkato ya kalamu. Kundi zima linabebwa na sheria tatu: z mara sita ni kutulia, p mara mbili ni kutulia, na p · z · p ni kinyume cha z. Ongeza sharti kwamba mpangilio hauna maana. Sheria ya tatu sasa inaruhusu p mbili zikutane na kufutana, inabaki z ni sawa na kinyume chake, yaani z mara mbili ni kutulia. Hiyo inaimeza sheria ya z mara sita. Umebaki na z inayojifuta na p inayojifuta: Klein tena. Kwa pembetano, z mara tano na z mara mbili zote zikiwa kutulia, z yenyewe inalazimika kuwa kutulia.

Mwenye kompyuta anaweza kuiuliza GAP, programu ya bure ya makundi:

```
G := DihedralGroup(12);
Size(DerivedSubgroup(G));
AbelianInvariants(G);
```

Mstari wa pili utajibu 3 na wa tatu utajibu `[ 2, 2 ]`, ambayo ndiyo namna ya programu hiyo ya kusema Klein. Lingekuwa la mzunguko ingejibu `[ 4 ]`. Angalia ile 12: GAP hutaja idadi ya matendo, wakati vitabu vingi vya jiometri hutaja idadi ya pembe na kuliita kundi hili hili D₆. Ukiandika 6 ndani ya mabano, GAP itakupa kundi la pembetatu na kujibu `[ 2 ]`. Ukiona jibu hilo, usilaumu hesabu yako, angalia namba uliyoandika.

Wanakemia wana jedwali la kundi hili na hulitumia kwa benzini, molekuli ambayo atomi zake sita za kaboni zimekaa katika pembesita. Kwao D₆ ina safu sita: A₁, A₂, B₁, B₂, E₁ na E₂. Zile nne za kwanza ni mitetemo na mawimbi ambayo kila tendo linaiacha ilivyo au kuibadilisha ishara tu, na ziko nne kwa sababu mafungu yetu ni manne. A₁ haijali chochote, A₂ inabadili ishara uso ukigeuka, na zile mbili za B zinabadili ishara rangi zikihama, moja ikijali uso pia na nyingine isiujali. E₁ na E₂ ndimo mpangilio wa matendo unapobaki na nguvu yake, na kila moja inachukua nafasi nne: nne za kwanza, jumlisha nne, jumlisha nne, ni 12. Benzini yenyewe ina matendo 24, kwa sababu kioo kinaweza kulazwa pia juu ya ubapa wake, hivyo kila safu inatokea mara mbili kwa alama g na u. Pembetano, iliyokosa rangi, haina B hata moja katika jedwali lake.

Kama umeielewa kadibodi, kata nyingine ya pande nane. Matendo yatakuwa 16, rangi zitapokezana bila shida, na mafungu yatakuwa manne tena. Tafuta mwenyewe kundi dogo la komuteta lina matendo mangapi, kisha angalia kama nusu mzunguko umo.